Keki ileile, oveni ileile, chombo kingine: kosa liko wapi?

Jirani yangu hapa Nyegezi, Mwanza, alinigongea mlango jioni moja akiwa amekamata chombo cha kioo kwa vitambaa viwili. Ndani yake kulikuwa na keki ambayo pembeni imeshika rangi ya kahawa na katikati inatikisika kama uji. "Dada, nimefuata kipimo chako mstari kwa mstari," akasema. "Gramu zako, dakika zako, namba yako ya moto. Nimekosea nini?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu: mara ya mwisho ilipotoka vizuri, uliipikia kwenye nini? Kwenye sufuria ya alumini, akajibu. Hiki cha kioo alikuwa amezawadiwa kwenye sherehe, akaona kinapendeza mezani, akakiingiza kazini. Basi hapo palikuwa na jibu. Kipimo changu kinasema nyuzi 180 na dakika 45, lakini hakisemi neno la pili ambalo kichwani mwangu nilikuwa nalo siku zote: kwenye alumini nyembamba inayong'aa.

Nimeandika haya kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoletewa keki mgonjwa. Unaanza na dalili unayoiona, unarudi nyuma hadi kwenye sababu, kisha unarekebisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha moto, muda na chombo siku moja, keki ikitoka nzuri hutajua kilichoiponya ni kipi.

Kabla hujakilaumu chombo

Kuna makosa matatu ambayo hujificha nyuma ya chombo, na ni vizuri kuyaondoa kwanza.

La kwanza ni oveni yenyewe. Namba zilizoandikwa kwenye kitasa ni ahadi tu, na oveni nyingi za majumbani hazitimizi. Nunua kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni, kitundike kwenye waya wa katikati, washa kwenye 180, subiri dakika ishirini, usome. Ya kwangu ikiandika 180 ndani huwa 195. Nimeishi nayo hivyo miaka mingi na ninajua kukiacha kitasa nyuma kidogo. Kama oveni yako ya gesi ina namba badala ya nyuzi, namba 4 ni takriban 180 na namba 3 ni takriban 165. Hatua moja ya kitasa hicho ni karibu nyuzi 14. Kumbuka hatua hiyo moja, maana tutaihitaji.

La pili ni kina cha rojo. Chukua rula ya mtoto wa shule, pima upana wa chombo cha zamani na wa kipya. Rojo la keki halipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo kina kikiongezeka mara mbili muda hauongezeki mara mbili, huongezeka zaidi ya hapo. Watu wengi wanaoniambia kwamba kioo kinachelewesha keki wamehamisha rojo kutoka kwenye sufuria pana hadi kwenye bakuli jembamba lenye kina. Hapo kioo hakina hatia kubwa. Chombo cha jirani yangu kilikuwa na sentimita 20 chini, sawa na sufuria yake, kwa hiyo kina hakikuwa kesi.

La tatu ni Mwanza yenyewe. Tuko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye kama nyuzi 96, si 100. Hewa ni nyepesi, gesi ya bekingi poda hutanuka zaidi, na keki iliyopangiwa Dar es Salaam au Tanga inaweza kuumuka haraka kisha ikazama katikati. Kipimo chenye vijiko viwili vya chai vya bekingi poda mimi hupunguza robo kijiko. Ukiona keki inazama kwenye kila chombo, kioo kwa chuma, usihangaike na makala hii, kapunguze poda. Lakini ikiwa inaharibika kwenye chombo kimoja na kutoka salama kwenye kingine, tuendelee.

Bati na jabali

Anayeishi kwenye mji huu wa mawe anajua tayari fizikia inayotakiwa, ila hajawahi kuihusisha na keki.

Tazama paa la bati saa saba mchana. Jua likichomoza kwenye wingu, bati linapata moto mara moja na kuanza kualika. Wingu likipita, limepoa. Sasa tazama majabali ya pale ufukweni. Asubuhi jua linayapiga na bado ni ya baridi. Lakini kaa juu yake saa moja usiku, jua limeshazama ziwani, utalikuta jabali lina joto la kukuunguza mapaja. Bati ni chombo chembamba cha chuma. Jabali ni kauri, na kioo kinene ni mtoto wake.

Kisha kuna rangi. Bati jipya linalong'aa hukurudishia jua machoni. Lililopakwa rangi nyeusi hulimeza. Ndani ya oveni mambo ni hayohayo: joto haliji kwa hewa tu, linatoka pia kwenye kuta na kwenye sakafu ya oveni kama linavyotoka kwenye makaa, bila kugusa kitu. Alumini inayong'aa hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo. Chuma cheusi hulimeza karibu lote. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: kioo, ijapokuwa macho yetu yanapita ndani yake, hakipitishi sana joto la aina hii. Nacho hulimeza, karibu kama chuma cheusi. Kauri hali kadhalika, hata ile nyeupe.

Kwa hiyo unapotazama chombo jiulize mambo mawili. Kinameza joto au kinalirudisha? Kinalipeleka upesi kwenye rojo, au kinalikalia kwanza? Alumini inayong'aa hurudisha sehemu, lakini inachopokea inakifikisha upesi na kukisambaza kila upande. Chuma cheusi humeza na kufikisha upesi. Kioo na kauri humeza, hulikalia, kisha haviliachii upesi. Dalili zote zinazofuata zinatoka hapo.

Dalili: pembeni imeungua, katikati mbichi, chombo ni cha kioo

Hii ndiyo iliyomleta jirani yangu, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Kama kioo ni kizito kupata moto, mbona pembeni kumeungua? Na kama kumeungua, mbona tunaambiwa tupunguze moto badala ya kupunguza muda?

Tuliirudia keki ile kwangu wikiendi mbili mfululizo, na nitaieleza yote kwa sababu ukiielewa hii nyingine ni nyepesi. Kipimo ni gramu 200 za siagi, 200 za sukari, 200 za unga wa ngano, mayai manne, maziwa vijiko vinne vya chakula, bekingi poda vijiko viwili vya chai pungufu ya robo. Rojo lote lina uzito wa kama gramu 860, na kwenye chombo cha duara cha sentimita 20 linasimama karibu sentimita tatu. Oveni ya gesi, kipimajoto ndani, waya wa katikati, na kila kitu kilitoka jikoni kikiwa na joto la chumba.

Keki ya kwanza ilikwenda kwenye alumini inayong'aa kwa 180. Dakika 45 kijiti kilitoka kikavu, pembeni rangi ya asali, juu tambarare. Hiyo ndiyo keki ambayo kipimo kinaizungumzia.

Ya pili ilikwenda kwenye kioo kwa 180 ileile. Dakika 15 za mwanzo unaona kabisa kwamba mambo yamelala: pembeni, mahali ambapo alumini ilikuwa imeshakaza ukingo, kioo bado kilikuwa na rojo linalong'aa. Dakika 30 ukingo umekaza. Dakika 45 pembeni kuna rangi nzuri, na hapo ndipo mtu anatamani kuitoa, lakini katikati pana duara la ukubwa wa sahani ya chai linalotikisika. Tukaiacha. Katikati ilikubali dakika ya 57, na katika zile dakika 12 za ziada pembeni kulitoka kwenye asali kukaenda kwenye kahawa. Ukikata kipande unaona ganda gumu la upana wa kalamu likizunguka keki yote.

Kilichotokea ni hiki. Kioo kilichukua muda kupasha unene wake, kwa hiyo keki ilianza safari ikiwa imechelewa. Kilipokwishapata moto, kiliendelea kumeza joto la kuta na kulisukuma kwenye ukingo wa keki, ambao ulikuwa umeshaiva. Rojo la katikati nalo lina maji, na mahali penye maji hapavuki sana zile nyuzi 96. Linajipitishia joto taratibu, halikimbizwi. Ukingo ukishakauka hauna tena maji ya kuuzuia, unapanda hadi nyuzi 140, 150 na kuendelea, na sukari inaanza kugeuka rangi. Yaani ni mbio za wakimbiaji wawili, ukingo na kitovu, na kwenye kioo ukingo unakaa kwenye moto muda mrefu ukimsubiri mwenzake.

Kuongeza moto ili katikati iwahi ni kumchapa yule aliyeshatangulia. Dawa ni kushusha. Keki ya tatu tuliiweka kwenye kioo kwa 165, hatua moja ya kitasa cha gesi. Ilichukua saa nzima, dakika 60, lakini kitovu na ukingo vilifika karibu pamoja, na pembeni palikuwa na rangi ileile ya alumini. Tazama hesabu: tumeshusha nyuzi 15 na tumeongeza dakika tatu tu juu ya zile 57. Wengi wanaogopa kushusha wakidhani watasubiri hadi usiku.

Kioo kina neema moja ambayo chuma hakina: unaweza kuona tako la keki. Inua chombo kwa kitambaa kikavu, tazama chini. Kama chini pana rangi ya asali na juu bado pamepauka, panda waya mmoja juu. Kama chini pana doa moja jeusi upande wa nyuma, hapo mwali wa gesi ndio unaopiga, na kioo hakijui kusambaza joto kwenda pembeni kama alumini inavyofanya. Kizungushe nusu mzunguko keki ikishakaza juu, kama dakika ya 40, si kabla.

Dalili: ilitoka laini, ikawa ngumu mezani

Hii pia ni ya kioo, na ya kauri. Mtu anaitoa keki ikiwa sawasawa, anaiacha ndani ya chombo apokee simu, anarudi baada ya nusu saa pembeni kumekauka na chini kumetota.

Kumbuka jabali la usiku. Chombo kimetoka motoni lakini moto haujatoka ndani yake, bado kinapika. Ukingo unaendelea kukauka, na mvuke wa chini, ukikosa pa kutokea, unarudi kuwa maji. Kwenye kioo mimi huitoa keki kijiti kikiwa bado kina chembe mbili tatu zenye unyevu, si rojo, chembe. Nasubiri dakika kumi nikitazama saa, napitisha kisu pembeni, nageuzia kwenye waya. Kwenye alumini unaweza kusahau kidogo na usiadhibiwe.

Kama unapika kitu cha kuliwa kutoka kwenye chombo chenyewe, tabia hiyohiyo inakuwa faida. Umeme ukikatika katikati ya kazi na oveni ni ya umeme, funga mlango na usifungue. Keki iliyobakiza dakika tano kwenye kauri huwa inajimalizia. Kwenye bati jembamba usitegemee hilo.

Dalili: katikati imepanda kama kichuguu na kupasuka

Chombo cheusi. Hapa ukingo unakaza mapema mno, wakati kitovu hakijaanza hata kuumuka. Rojo la katikati likianza kupanda halina pa kwenda pembeni, kumeshajengwa ukuta, kwa hiyo linapanda juu na kupasua ganda. Kwenye 180 keki yetu ya nne ilikuwa tayari dakika ya 38, na kilele chake kingeweza kutundikwa bendera. Chini palikuwa na rangi ya chokoleti.

Marekebisho ni yaleyale, nyuzi 15 chini, ila sababu ni nyingine na muda pia ni mwingine. Kwenye 165 chombo hichohicho kilitoa keki tambarare kwa dakika 46. Kwa hiyo kioo na chuma cheusi hushushwa moto sawa, lakini kimoja kinakuchelewesha robo saa na kingine kinarudi kwenye muda wa kawaida. Anza kuchungulia cheusi dakika kumi kabla ya muda ulioandikwa.

Na sasa jambo ambalo lilinichukua miaka kulitambua. Chombo cheusi si lazima kiwe kimenunuliwa kikiwa cheusi. Sufuria yako ya alumini iliyokaa kwenye mkaa na kuni, ikashika masizi nje yasiyotoka hata kwa mchanga, ni chombo cheusi. Nilikuwa na sufuria mbili za duka moja, siku moja, ukubwa mmoja. Moja ilibaki ya keki, nyingine ikahamishiwa kwenye maharage ya mkaa kwa mwaka mzima, kisha siku moja ya oda kubwa ikarudishwa kusaidia. Niliziweka pamoja kwenye waya mmoja. Ile ya masizi ilitoa kichuguu, ile inayong'aa ikatoa keki. Nilimlaumu msaidizi kwamba amekosea kugawa rojo, na nikaja kumwomba radhi. Isugue nje mpaka ing'ae, au ikubali kuwa ni nyeusi na uishushe moto.

Kama huwezi kushusha, kwa sababu ndani ya oveni kuna vyombo vingine vinavyotaka 180, kuna njia ya kukivalisha chombo. Kata ukanda wa taulo kuukuu upana wa kimo cha chombo, uloweke, ukamue usichuruzike, uufunge ndani ya foili, kisha uuzungushe chombo kwa nje. Foili inarudisha joto, na kitambaa kikiwa na maji hakipandi sana juu ya kiwango cha kuchemka, kwa hiyo ukuta unabaki mpole mpaka kitovu kiwahi. Hakikisha hakuna ncha ya kitambaa inayoning'inia kuelekea mwali wa gesi.

Kama oveni yako ina feni, tofauti ya rangi hupungua, maana hewa inayopulizwa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtu aliyekwishashusha nyuzi 20 kwa ajili ya feni asishushe tena 15 kwa ajili ya weusi. Ashushe ya feni, atazame, kisha aamue.

Dalili: muda umepita, juu pameiva, chini pamepauka na panata

Kauri nene. Ile bakuli nzito iliyopakwa rangi ya kung'aa ndani na nje, inayouzwa kama pambo na kwa kweli ni pambo. Ukuta wake unaweza kuwa na unene mara mbili ya kioo, na kabla joto halijafika kwenye rojo ni lazima ukuta wote ushibe. Wakati huo juu ya keki, ambako hakuna ukuta, kunapigwa na hewa ya oveni moja kwa moja. Juu panaiva kwanza, panakupa imani, ukikata chini unakuta ukanda uliokandamana kama sabuni.

Maelekezo mengi huweka kauri kundi moja na kioo na kukwambia ushushe moto. Mimi kwa keki sikubaliani, angalau kwa kauri nene. Niliposhusha hadi 165 nilingoja mpaka bekingi poda ikamaliza nguvu yake kabla rojo halijakaza, na keki ikatoka fupi na nzito. Iache kwenye 180, ishushe waya mmoja kuelekea chini ambako moto wa gesi unaanzia, na uhesabu dakika 15 hadi 20 juu ya muda wa alumini. Yetu ilichukua 65. Juu pakianza kukolea mapema, ifunike kwa foili kwa kulegeza, bila kuibana. Kauri nyembamba, zile za sahani za pai, huwa karibu zaidi na kioo, na hapo shusha kama kioo.

Njia ya kuipasha bakuli tupu kwanza kisha kumimina rojo inafanya kazi kwa mkate wa mahindi na vitu vyenye mafuta moto chini. Kwa keki ya siagi inakuletea ukingo unaokaza papo hapo, na umerudi kwenye kichuguu. Usiifanye.

Kauri inachojua ni samaki. Sato mzima kutoka soko la samaki la Mwaloni, kitunguu, nyanya, ndimu mbili, mafuta kidogo, amefunikwa foili: hapo hutaki ganda, hutaki rangi chini, unataka joto lisilo na haraka na chombo kisichogombana na ndimu. Alumini tupu haipatani na ndimu wala nyanya, huchubuka na kuacha ladha ya chuma kwenye mchuzi. Samaki akitoka, dakika ishirini mezani bado anatoa mvuke. Lakini hiyo si keki.

Dalili ya mwisho: mlio

Kioo kikipasuka hakikuonyi. Mimi changu cha kwanza kilikufa nje ya oveni, si ndani. Nilikitoa kikiwa na moto, nikakiweka juu ya meza ya saruji ambayo nilikuwa nimetoka kuifuta kwa kitambaa cha maji. Nikageuka kuchukua kisu. Nikasikia mlio kama chupa ya soda iliyodondoka, na nilipogeuka keki ilikuwa imekaa katikati ya vipande, wima, kama haijui kilichotokea.

Kioo hupasuka pale sehemu moja inapopoa au kupata moto ghafla kuliko nyingine. Sehemu iliyopoa inajikunja, ya jirani yake bado imetanuka, na kioo hakina pa kunyumbuka. Kuna kioo cha aina ya borosiliketi ambacho kikipata moto hutanuka kidogo sana, karibu theluthi moja ya kioo cha kawaida cha soda na chokaa, na hicho huvumilia zaidi. Vyombo vya kuokea vya siku hizi si vyote vya aina hiyo, na kwa macho si rahisi kuvitofautisha, kwa hiyo vichukulie vyote kama vile dhaifu. Usikitoe kwenye friji ukakiingiza kwenye oveni ya moto. Usimimine maji wala ndimu ya baridi ndani yake kikiwa na moto. Usikiweke chini ya moto wa juu wa kubanika, na kamwe usikiweke juu ya mkaa, hata kwa ile njia ya bibi zetu ya kuoka keki kwa kupalia makaa chini na juu ya mfuniko. Njia hiyo ni ya sufuria. Kikitoka, kilaze kwenye kitambaa kikavu kilichokunjwa au kwenye waya. Saruji, vigae na sinki ni maadui, vikiwa na maji ndiyo zaidi.

Mikwaruzo nayo ni mwanzo wa ufa. Chombo kilichosuguliwa kwa steelwaya miaka mitatu, kikaonekana kama kina ukungu na mistari, kitumie kuwekea matunda.

Na kikipasuka kikiwa na chakula, usitafute kipande cha kuokoa. Jirani yangu alinishauri nikate sehemu ya juu ya ile keki, maana juu palikuwa pazuri kweli, na mteja alikuwa njiani kutoka Buzuruga. Tuliishika ile keki juani mlangoni. Ndani ya nyama ya keki, sentimita mbili kutoka ukingoni, palikuwa na kitu kinameta, chembamba kama unywele. Tukaitupa yote, nikampigia mteja, nikawasha oveni upya.